Nimebadilisha karibu kila neno, mbona bado inaonekana nimenakili?

mtoto_wa_Pasua

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nina kazi ya kozi kuhusu KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa huku Kilimanjaro, tunaiandika kwa Kiswahili. Imerudi bila maksi. Ripoti ya Turnitin, ile programu ya kupima mfanano na vyanzo, ni asilimia 14 tu, na chanzo nimekitaja mwisho wa aya, lakini mwalimu amepigia mstari aya nzima na kuandika pembeni "hii bado si yako". Naweka sentensi mbili mzione.

Chanzo kinasema:

"Baada ya kuundwa kwa KNCU mwaka 1933, wakulima wadogo wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro walipata chombo cha pamoja cha kukusanya, kupanga madaraja na kuuza kahawa yao, jambo lililopunguza nguvu ya wanunuzi binafsi waliokuwa wakipanga bei. Chombo hicho ndicho kilichokusanya kahawa kutoka vyama vya msingi na kuisafirisha hadi Moshi mjini, ambako ilikobolewa kabla ya kuuzwa."

Mimi nimeandika:

"Kufuatia kuanzishwa kwa KNCU mnamo 1933, wazalishaji wadogo wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro walipata taasisi ya ushirika ya kukusanya, kuainisha na kuuza kahawa yao, hali iliyodhoofisha uwezo wa walanguzi waliokuwa wakipanga bei. Taasisi hiyo ndicho kilichochukua kahawa kutoka vyama vya awali na kuipeleka Moshi mjini, ambako ilikobolewa kabla ya kuuzwa."

Naomba kueleweshwa, nibadilishe nini tena?

---

Kibo_na_Mawenzi

Dogo, tatizo lako ni dogo tu. Umeacha maneno mengi yamefuatana kama yalivyo. Kanuni ni hii: usiache maneno matatu mfululizo yanayofanana na chanzo. Geuza kauli, "walipata" iwe "walipatiwa", hamisha "mwaka 1933" upeleke mwisho. Na 14 ni ndogo, chini ya 20 hakuna mtu wa kukusumbua. Mwalimu wako ana lake.

---

fundi_wa_Kaloleni

Mkuu Kibo, hapo kwenye maneno matatu umegusa penyewe kwa upande wa mashine, ila dawa uliyotoa si dawa. Ngoja nieleze mashine inavyofanya, maana wengi wanadhani inasoma sentensi nzima na kuuliza "hii ni ileile?" Haifanyi hivyo.

Inachukua maandishi, inayakata vipande vifupi vinavyopandana: neno la 1 hadi la 3, la 2 hadi la 4, la 3 hadi la 5, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila kipande kinageuzwa kuwa namba. Namba ndizo zinazolinganishwa na hifadhidata, si maneno. Ukibadilisha neno moja unaharibu vile vipande vitatu tu vinavyoligusa. Vingine vyote vinabaki.

Mwenye kompyuta anaweza kujaribu mwenyewe:

```python
import re
def vipande(t, n=3):
    m = re.findall(r"\w+", t.lower())
    return {tuple(m[i:i+n]) for i in range(len(m)-n+1)}
a = vipande(open("chanzo.txt").read())
b = vipande(open("kazi.txt").read())
print(len(a & b), "kati ya", len(b))
```

Nimeweka sentensi yako ya kwanza peke yake. Ina maneno 34, kwa hiyo vipande 32 vya maneno matatu. Vinavyofanana na chanzo ni 7. Ukiweka `n=5` kinabaki kimoja tu, "miteremko ya Mlima Kilimanjaro walipata". Ukiweka `n=8` hakuna hata kimoja. Ndiyo maana programu mbili zinaweza kusoma kazi moja na kutoa majibu tofauti kabisa: kila moja ina urefu wake wa kipande.

Sasa sentensi ya pili. Mwisho wake umeacha "Moshi mjini, ambako ilikobolewa kabla ya kuuzwa", maneno saba mfululizo. Mashine hazihifadhi vipande vyote, ingekuwa mzigo. Kuna njia ya kupepeta iliyoelezwa mwaka 2003 na Schleimer, Wilkerson na Aiken: katika kila dirisha la vipande kadhaa vinavyofuatana unabakiza kimoja. Tuseme kipande ni maneno 3 na dirisha ni vipande 4. Basi mfululizo wowote wa maneno 3 + 4 − 1, yaani 6, lazima unaswe. Wa maneno matatu hadi matano ni bahati, unaweza kunaswa au kupita. Wako wa saba haukuwa na pa kupitia. Turnitin hawatangazi vipimo vyao, lakini nadhani umeelewa kwa nini unaweza kubadilisha "karibu kila neno" na bado rangi ya mfanano ikatokea kwenye ripoti.

---

Kibo_na_Mawenzi

Sawa fundi, basi tumekubaliana. Avunje hiyo ya saba na ile ya tano, mchezo umekwisha.

---

mwalimu_Njiro

Haujaisha, kaka. Ukivunja hizo mbili mashine itanyamaza, lakini mwalimu aliyeandika "bado si yako" hakuiona kazi kwa sababu ya mashine. Asilimia 14 haikumwambia chochote. Na hata hiyo namba yenyewe, kila mwalimu anaweza kuweka mipangilio yake: aondoe nukuu, aondoe orodha ya marejeo, aondoe mfanano mfupi usiofikia idadi fulani ya maneno. Kazi ileile inaweza kutoka na 14 hapa na 22 pale. Hakuna asilimia iliyo salama.

Msahihishaji anaifungua ripoti na kuangalia rangi zimekaaje. Nukuu halali inatokea kama bonge moja lenye rangi moja ndani ya alama za nukuu. Jina la chama au sheria linatokea kipande kimoja, halafu basi. Viraka, yaani sentensi ya chanzo iliyobadilishwa neno hapa na pale, vina sura yao: vipande vifupi vifupi, vyote vya rangi moja na namba moja ya chanzo, vimetenganishwa na neno moja au mawili meupe, mstari baada ya mstari. Hayo meupe ndiyo visawe vyako. Ukibofya, chanzo kinafunguka pembeni, na unaona kila neno jeupe limekaa palepale lilipokuwa lile la asili.

Chukua sentensi ya kwanza uhesabu. Kati ya maneno yako 34, maneno 19 yamo kwenye chanzo, na yote 19 yamefuatana kwa mpangilio uleule. Hapo ndipo mtu anapojua. Watu wawili wanaoandika juu ya KNCU wanaweza kutumia maneno 19 yanayofanana bila kuonana. Hawawezi wote wawili kuanza na kuundwa, waende kwenye mwaka, waende kwa wakulima wadogo, waende kwenye miteremko, waorodheshe kazi tatu za chama kwa zamu ileile, kisha wamalizie na "waliokuwa wakipanga bei". Kisawe hakigusi mpangilio. Hata hiyo kauli ya kutendewa aliyoipendekeza kaka Kibo haigusi mpangilio wa hoja, inasogeza viambishi tu.

---

mama_Ushirika

Mie si mwalimu wa uandishi, nimezeekea kwenye vyama vya ushirika huku Machame. Mwanangu, nimesoma sentensi zako nikacheka kidogo, unisamehe. "Vyama vya awali" ni vyama gani? Chama cha msingi ni chama cha msingi. Kiko kwenye katiba, kiko kwenye mihuri, na juu yake kuna chama kikuu. Hakuna mwanaushirika Kilimanjaro hii atakayesema chama cha awali.

Na "kupanga madaraja" umekufanya "kuainisha". Kahawa inapangwa madaraja baada ya kukobolewa, AA, A, B, PB na kuendelea, kwa ukubwa wa punje na umbo lake, na bei inafuata daraja. Kuainisha ni kutenga tu, unaweza kuainisha hata viatu. Umeiondoa bei ndani ya sentensi inayozungumzia bei.

La tatu, "wanunuzi binafsi" umewaita walanguzi. Mnunuzi binafsi ni mfanyabiashara asiye chama. Ulanguzi ni kosa. Chanzo hakijawatuhumu, wewe umewatuhumu halafu ukaandika jina la mwandishi pembeni kana kwamba ndiye aliyesema.

---

mwalimu_Njiro

Mama, shikamoo, na ahsante. Hilo la tatu ni zito kuliko kunakili kwenyewe. Mwanafunzi anadhani ametaja chanzo, kumbe amemsingizia mwandishi.

Niongeze alama moja ambayo Kiswahili chenyewe kinaiacha, na kwa msahihishaji ni rahisi kuliko zote. Soma sentensi ya pili: "Taasisi hiyo ndicho kilichochukua". Taasisi ni hiyo, ndiyo, iliyochukua. "Ndicho kilicho-" ni ya chombo. Alibadilisha nomino, akakumbuka kurekebisha kivumishi kilicho jirani, akasahau vitenzi vilivyo mbele. Neno la asili limefutwa lakini upatanisho wake umebaki. Ukikuta hivyo mara mbili katika ukurasa, huhitaji programu kujua kwamba hapo palikuwa na nomino nyingine ya ngeli nyingine.

Kwa upande mwingine, ngeli zinamsaidia mwenye viraka mbele ya mashine. Kubadilisha "chombo cha pamoja cha" kuwa "taasisi ya ushirika ya" kumevunja maneno manne kwa mpigo, kwa sababu viunganishi vinafuata nomino. Kwa hiyo mashine inayolinganisha maneno kama yalivyoandikwa inakosa mengi ya Kiswahili. Ndiyo maana kazi yenye viraka mwanzo hadi mwisho inaweza kupata asilimia ndogo kiasi hicho, na mwanafunzi akaamini yuko salama.

---

Jeni_wa_Unga_Limited

Samahani naingilia. Mimi nilituma rasimu wiki iliyopita nikapata 9, leo nimetuma ya mwisho nimepata 91! Viraka sina, nimeandika mwenyewe. Ina maana hata kujirudia ni viraka?

---

fundi_wa_Kaloleni

Dada Jeni, hilo ni jambo jingine. Rasimu yako ya kwanza ilihifadhiwa kwenye hifadhidata, sasa ya pili inafananishwa nayo. Fungua ripoti, utaona chanzo kikubwa kimeandikwa kuwa ni kazi ya mwanafunzi, na kwa kawaida jina la chuo chako litakuwepo. Mwambie msimamizi akiondoe chanzo hicho kwenye hesabu, namba itashuka palepale. Siku nyingine rasimu itumwe kwenye sehemu iliyowekwa isihifadhi.

---

Jeni_wa_Unga_Limited

Kweli, ni yenyewe. Ahsante kaka.

---

Bwana_Kumbukumbu

Mnazunguka sana. Kuchukua sentensi ya mtu ukabadilisha maneno ni wizi. Kanuni za vyuo vingi zinasema hivyo, kijana apewe sifuri ajifunze. Hii ya kumwonesha namna ya kuficha ni kumharibu.

---

mwalimu_Njiro

Bwana Kumbukumbu, hakuna aliyemwonesha kuficha, tunamwonesha kwa nini hakufichiki. Kuhusu wizi, kanuni nyingi ziko upande wako, sipingi. Ila wanaochunguza jambo hili hawajakubaliana. Rebecca Moore Howard, Mmarekani aliyelipa jina lake uandishi huu wa viraka mwanzoni mwa miaka ya 1990, anasema mara nyingi ni hatua ya mtu anayejaribu kuandika kwa lugha ya taaluma asiyoimudu bado. Mwaka 2010 yeye na wenzake wawili walichunguza kazi 18 za wanafunzi wa chuo kimoja: hawakukuta hata moja iliyofupisha chanzo chake kwa ujumla. Wanafunzi walikuwa wanafanya kazi na sentensi mojamoja za chanzo, si na chanzo.

Mimi ninapima hivi: kama chanzo kimetajwa na viraka ni vya mkono kama hivi vya huyu kijana, kazi inarudi akaandike upya. Kama chanzo hakikutajwa, au visawe vimeingizwa na programu, hapo tunaongea lugha nyingine.

---

Bwana_Kumbukumbu

Utajuaje ni programu? Na kwangu mimi kutaja chanzo hakusafishi. Amemtaja mwandishi kwa hoja, hakumtaja kwa maneno.

---

mwalimu_Njiro

Hilo la pili una haki, na ndiyo sababu aya ilirudishwa ingawa chanzo kimetajwa. Jina pembeni bila alama za nukuu linamwambia msomaji "hoja ni yake, maneno ni yangu". Hapa maneno nusu ni ya mwenye kitabu.

La programu ni rahisi, kwa sababu haijui istilahi. Mwaka 2021 Cabanac, Labbé na Magazinov walianza kukusanya mambo haya kutoka makala za kisayansi zilizochapishwa kabisa: saratani ya matiti imegeuzwa kitu kama "hatari ya kifua", akili bandia imekuwa "fahamu za kughushi". Mtu hawezi kukosea hivyo, maana istilahi ndiyo kitu cha kwanza anachokijua. "Vyama vya awali" kinaelekea huko, ila hiyo nadhani ni kamusi ya visawe na haraka.

---

mtoto_wa_Pasua

Ni kamusi kweli mwalimu. Sasa nikiacha istilahi kama zilivyo, nikaacha "miteremko ya Mlima Kilimanjaro", si asilimia itapanda? Na nikibadilisha naambiwa nimeharibu. Nishike lipi?

---

mwalimu_Njiro

Istilahi na majina acha kama yalivyo. Msahihishaji hakuhesabii "vyama vya msingi" wala KNCU. Kinachotakiwa kubadilika ni kazi ambayo sentensi inafanya katika aya yako.

Fanya hivi. Soma aya nzima ya chanzo, si sentensi, mara mbili. Funga kitabu au dirisha. Kwenye karatasi andika vitu kwa maneno mawili matatu, bila vitenzi: *1933 KNCU / kukusanya, madaraja, kuuza / bei – wanunuzi binafsi / vyama vya msingi → Moshi, kukobolewa*. Weka namba ya ukurasa hapohapo, ukiacha baadaye hutaipata. Halafu jiulize, katika kazi yangu mimi, hili linajibu nini? Kama aya yako ni ya bei, anza na bei. Kama ni ya usafirishaji, 1933 inaweza kukaa mwishoni au isikae kabisa. Andika ukiangalia hiyo karatasi tu, kisha ndipo ufungue kitabu kuhakiki ukweli.

Mfano, aya yako ikiwa ya bei:

"Hoja ya mwandishi ni ya bei: mkulima mmoja mmoja hakuwa na la kumjibu mnunuzi, ila kahawa ilipokusanywa mahali pamoja na kupangwa madaraja chini ya KNCU, mnunuzi hakubaki peke yake mezani."

Halafu jina, mwaka na ukurasa. Mpangilio umegeuka kwa sababu swali limegeuka, si kwa sababu nimehamisha vishazi.

---

fundi_wa_Kaloleni

Nimeipitisha kwenye ile programu niliyoweka juu: 0 kati ya 28. Na kapata hiyo sifuri bila hata kuikwepa mashine, "kahawa", "madaraja" na "KNCU" zote zimo.

---

Kibo_na_Mawenzi

Hapo nimeelewa. Ila mwalimu, kazi ya kurasa 40 nani ana muda wa kufunga kitabu kila aya? Na mkulima "hakuwa na la kumjibu mnunuzi", chanzo kimesema hivyo? Mimi naona umeongeza.

---

mwalimu_Njiro

Umenibana vizuri. Chanzo kinasema wanunuzi walikuwa wakipanga bei na nguvu yao ikapungua. "Hakuwa na la kumjibu" ni tafsiri yangu, imezidi kidogo. Salama zaidi: "bei ilikuwa mikononi mwa mnunuzi". Ndiyo maana hatua ya kufungua kitabu kuhakiki iko mwisho, na hairukwi.

Kuhusu muda: si kila aya ina chanzo, na chanzo kimoja hakistahili kila mara kuelezwa upya. Kama maneno ya mwandishi yamekaa sawasawa na unayahitaji, weka alama za nukuu na ukurasa, umemaliza kwa nusu dakika. Kutafuta visawe 15 kwenye kamusi kunachukua muda mrefu zaidi.

---

mama_Ushirika

Na ukiandika kahawa ilikobolewa, mwanangu, jua kukoboa ni kuondoa ganda gumu la kahawa kavu. Kumenya ile nyekundu mbichi kunafanyika huku juu kwa mkulima au kwenye kiwanda cha chama. Nimeona wengi wanabadilisha hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja.

---

mtoto_wa_Pasua

Nimejaribu ile ya pili bila kuangalia kitabu: "Kahawa haikuuzwa kijijini. Ilitoka vyama vya msingi, KNCU ikaishusha Moshi mjini ikakobolewe kwanza." Vipi?

---

mwalimu_Njiro

Hiyo ni yako. "Haikuuzwa kijijini" chanzo hakijasema moja kwa moja: ama uiondoe, ama utafute chanzo kingine kinachosema hivyo. Ukurasa hujaweka.